Printa ya leza inagoma ukurasa wa picha: "Insufficient memory"

"Shikamoo fundi. Niko Tukuyu, nina steshenari. Printa yangu ni ya leza, nyeusi na nyeupe, ina memori ya MB 64. Nimetengeneza kijitabu cha mahafali ya kidato cha nne kwa Publisher, kurasa 24. Ukurasa wa 1 mpaka wa 8 zinatoka vizuri, ikifika wa 9 wenye picha 12 za wanafunzi printa inaandika Insufficient memory na kusimama, nikibonyeza OK inatoa nusu ukurasa. PDF yenyewe ni MB 60 tu na laptopu yangu ina RAM ya GB 8. Wiki iliyopita niliprinti kijitabu kama hikihiki cha shule nyingine na hakikusumbua. Niongeze RAM, ninunue printa nyingine, au hii ndo imekufa?"

Marahaba mdogo wangu. Printa haijafa, na hela yako ibaki mfukoni kwanza. RAM ya laptopu haihusiki kabisa hapa, hata ukiweka GB 32 ukurasa wa 9 utagoma vilevile, kwasababu memori inayolalamika ni ile iliyoko ndani ya printa, na hizo ni akiba mbili tofauti, moja haiikopeshi nyingine.

Nianze na hicho kijitabu cha wiki iliyopita maana ndo kimebeba jibu. Nakuuliza, zile picha za shule ya kwanza zilikufikiaje? Naweka dau zilitumwa WhatsApp. Na hizi za sasa mpiga picha kakuletea kwenye flashi au memori kadi, moja kwa moja toka kwenye simu au kamera. Picha ikipita WhatsApp kwa njia ya kawaida inapunguzwa njiani bila wewe kuombwa ruhusa, inafika ndogo. Ya kwenye flashi inakuja nzima nzima, pikseli 4000 kwa 3000 kama simu ni ya megapikseli 12. Ukiziweka kwenye ukurasa zote unazivuta pembe mpaka zinakuwa za sentimita 6, kwa macho zinafanana, lakini moja ni kikapu na nyingine ni fuso. Kuvuta pembe hakupunguzi kitu. Hata ile kukata picha ubaki na kichwa na mabega, sehemu uliyoikata bado imo ndani ya faili, imefichwa tu.

Sasa tupige hesabu ya huo ukurasa wa 9, taratibu. Picha moja ya 4000 kwa 3000 ni pikseli milioni 12, na kila pikseli ya rangi inachukua baiti 3, kwahiyo ikifunguliwa ni MB 36. Kwenye diski unaiona ni MB 4 au 5 kwasababu JPEG imeikunja, kama blanketi ndani ya begi. Lakini ili ichapwe lazima blanketi likunjuliwe. Picha 12 mara 36 ni MB 432. Ndo maana nakwambia usiangalie ile MB 60 ya PDF, hiyo ni uzito wa begi likiwa limefungwa. Kuna wengine wanazip faili wakidhani wamepunguza mzigo wa printa, wapi, wamebana begi tu. Sisemi printa inazifungua zote 12 kwa mpigo, hapana, inazipokea kwa vipande na vingine inavibana tena, ila huo ndo mzigo unaotaka kupitishwa kwenye mlango wa MB 64.

Na hiyo 64 nayo si yako yote. Humo humo ndo zinakaa programu za printa yenyewe, data inayoingia kutoka kwenye kompyuta, fonti, halafu na picha ya ukurasa mzima kama utakavyotoka. Huo ukurasa uliokamilika peke yake sio mkubwa. A4 kwa 600 dpi, yaani nukta 600 kwa kila inchi, ni nukta kama 4960 kwa upana na 7016 kwa urefu, karibu milioni 35, na kwenye printa nyeusi kila nukta ni biti moja tu, ipo au haipo, kwahiyo inakuja kama MB 4.4. Yaani unaleta MB 432 ili mwisho wa safari zitoke MB 4.4. Hizo nyingine zote printa inazitupa, ila inazitupa baada ya kuhangaika nazo, na kwenye kuhangaika ndo inakwama.

Utajiuliza mbona ile ya wino haigomi hivi. Ile inachora mstari, inasimama, inasubiri kompyuta ilete mwingine, inaendelea, hata ikisimama katikati hakuna kinachoharibika. Leza haiwezi. Karatasi ikishaanza safari, dramu inayobeba tona ya ukurasa inazunguka, fyuza inayoyeyusha hiyo tona ishike imeshapata moto, karatasi lazima ipite kwa mwendo uleule mpaka itoke, ikisimama katikati unapata mstari au karatasi iliyoungua. Kwahiyo inatakiwa iwe na ukurasa mzima tayari, au angalau iwe na uhakika itautengeneza haraka kuliko karatasi inavyokwenda, kabla haijavuta karatasi. Memori ikiisha kabla ukurasa haujakamilika inasimama na kukuuliza. Ukibonyeza OK maana yake umeiambia "toa ulichonacho", na ilichonacho ni nusu. Usiendelee kuibonyeza hiyo OK, unachoma tona bure.

Watu wengi hapa wanaogopa kupunguza picha wakidhani zitatoka na ukungu. Ngoja nikuonyeshe kwanini hutaona tofauti. Chukua ukurasa wowote wenye picha uliotoka vizuri, washa kamera ya simu, zumu mpaka mwisho kwenye shavu la mtu. Hutaona kijivu hata kidogo, utaona vidoti vyeusi, penye giza vimenenepa na penye mwanga vimekonda. Printa yako haina tona ya kijivu, ina nyeusi tu, kwahiyo kila kivuli inakidanganya kwa kukusanya nukta zake nyingi na kutengeneza kidoti kimoja kikubwa au kidogo. Kwa leza nyingi za 600 dpi hivyo vidoti vinakuwa kama mia moja hivi kwa inchi. Picha yenye pikseli 150 mpaka 220 kwa inchi inatosha kabisa kuvilisha. Ukileta 1700 kwa inchi, ambayo ndo unayoleta sasa hivi ukigawa pikseli 4000 kwa hizo sentimita 6, hamna pa kuziweka. Maandishi ni habari nyingine, yenyewe yanataka hiyo 600 kamili ili kingo ziwe kali, na ndo maana nakushauri tupunguze picha na sio kushusha dpi ya printa nzima.

Haya, kazi yenyewe. Hifadhi kwanza nakala ya kijitabu kwa jina lingine, maana ukishapunguza picha na kuhifadhi hurudi nyuma, na siku shule ikitaka bango kubwa utazihitaji zile nzima. Fungua nakala, bonyeza picha yoyote, nenda sehemu ya picha juu pale, tafuta Compress Pictures. Kwenye kisanduku kitakachofunguka weka tiki Delete cropped areas of pictures na Resample pictures, chini chagua Desktop Printing ambayo ni 220 ppi, yaani pikseli 220 kwa inchi, usichague Commercial Printing hiyo ni ya kupeleka kiwandani, wala Web hiyo ni ndogo mno. Halafu hakikisha umechagua Apply to all pictures in the publication, maana watu wanasahau hapo, wanapunguza picha moja kati ya 12 afu wananipigia simu kuwa haijasaidia. Kama ungekuwa kwenye Word ni Compress Pictures hiyohiyo, unaondoa tiki ya Apply only to this picture.

Turudie hesabu uone. Sentimita 6 kwa 220 ppi ni pikseli 520, urefu 390. Ikifunguliwa ni kama MB 0.6. Zote 12 ni MB 7.3. Kutoka 432 mpaka 7.3, karibu mara 60, na shavu la mtoto wa watu likichapwa ni lilelile. Printi ukurasa wa 9 peke yake kwanza, usitume 24 zote kwa hamu.

Kama kijitabu umeshaletewa PDF na mteja na huna faili la Publisher, njia ninayotumia mimi ni Ghostscript, ni ya bure, haina madirisha mazuri ila inafanya kazi. Ukishaiweka kwenye Windows unafungua Command Prompt kwenye folda yenye faili (ikisema haiitambui hiyo amri, andika njia nzima ya folda yake ya bin) na unaandika hivi, mstari mmoja:

```
gswin64c -sDEVICE=pdfwrite -dPDFSETTINGS=/ebook -sColorConversionStrategy=Gray -dProcessColorModel=/DeviceGray -o ndogo.pdf kubwa.pdf
```

Hiyo /ebook inashusha picha mpaka 150 kwa inchi, na hizo mbili zinazofuata zinaondoa rangi, na kuondoa rangi peke yake kunapunguza picha mpaka theluthi maana badala ya baiti 3 kwa pikseli inabaki 1. Printa yako nyeusi ilikuwa inabebeshwa nyekundu na bluu ambazo haitazitumia hata siku moja. Ukiona 150 imelegea kidogo, labda kuna picha ya maandishi kama cheti kilichoskaniwa, badilisha /ebook iwe /printer, hiyo ni 300. Ila angalia faili lililotoka kwa macho kabla ya kuprinti, hasa kama lina fonti za ajabu ajabu.

Asilimia kubwa ya watu shida inaishia hapo. Lakini kuna aina ya pili na hii ndo iliyowahi kuniaibisha. Miaka ya nyuma nilimshauri mteja mmoja hapa Mbeya anunue kadi ya memori ya printa, akaagiza, ikakaa wiki njiani, tukaichomeka, na ukurasa ukagoma palepale. Picha zake zilikuwa ndogo tu. Kilichokuwa kinaua ni nembo ya shule iliyofifishwa nyuma ya maandishi, na kila kichwa cha habari kilikuwa na kivuli laini. Kitu kilichofifia kwa mtindo wa kupenya, yaani unaona cha nyuma kupitia cha mbele, ni rahisi kwa kioo cha kompyuta lakini PostScript, lugha ya kuelezea ukurasa ambayo printa nyingi zinaisoma, haikijui kabisa. Kwahiyo programu au driva inalazimika kukatakata ukurasa, hapa herufi imepita juu ya nembo kikatwe kipande, hapa kivuli kimegusa picha kikatwe kingine, mwisho ukurasa uliokuwa na vitu thelathini unakuwa na maelfu ya vijipande. Faili ni dogo, kazi ni ngumu. Vivyo hivyo ramani za wapima ardhi, zile zenye mistari ya miinuko, ukichukua ramani ya milima yetu hii ya Rungwe mistari imejaa kama nywele, faili MB 3 na printa inalia.

Ukiwa na printa ya PostScript unaweza kuona hata karatasi imetoka imeandikwa hivi badala ya ukurasa wako:

```
ERROR: limitcheck
OFFENDING COMMAND: image
```

au pale kwenye ERROR iandike VMerror, ambayo ndo "memori imeisha" kwa lugha yake.

Kwa ugumu wa namna hii kupunguza picha hakusaidii sana, dawa yake ni kuifanya kompyuta imalize kazi yote ya kuchora na printa iletewe picha moja bapa. Fungua PDF kwenye Adobe Reader, Print, bonyeza Advanced, weka tiki Print As Image, chagua 300 dpi. Hapo kila ukurasa, uwe na vijipande kumi au elfu kumi, unakuwa na uzito uleule, nukta 2480 kwa 3508, kwa kijivu ni kama MB 8.7 kabla ya kubanwa. RAM yako ya GB 8 ndo inakuja kufanya kazi hapa sasa. Utakacholipa ni kwamba kutuma kunachelewa, na herufi ndogo zitapoteza ukali kidogo kwasababu nazo zimekuwa picha, kwahiyo usifanye kwa kurasa zote 24, andika 9 kwenye sehemu ya Pages na uiprinti peke yake. Kwa nembo, dawa ya kudumu ni kuitengeneza upya iwe picha ya kijivu chepesi yenye msingi mweupe, uiweke nyuma, uache kabisa kutumia kile kitufe cha kufifisha.

Utajuaje yako ni ipi? Futa picha zote 12 kwenye nakala ya ukurasa wa 9, uprinti. Ukitoka, mzigo ni picha. Ukigoma bado, mzigo ni nembo, kivuli au mapambo, anza kuondoa kimoja kimoja. Dakika tano tu. Mi kwako naona ni picha, ila jaribu.

Mambo madogo mengine. Ile EconoMode inapunguza tona na sio memori, achana nayo kwenye hili. Angalia kwenye driva kama dpi imekaa 1200, ukiirudisha 600 ukurasa unapungua mara nne, na kwa kijitabu cha mahafali hakuna atakayejua. Ukitaka kopi 40 zilizopangwa na tiki ya Collate, baadhi ya printa zinajaribu kushikilia kijitabu kizima ndani ili zikirudie, kwahiyo toa hiyo tiki, toa kopi 40 za kila ukurasa na upange kwa mkono, watoto wa jirani wapo. Halafu kama printa yako inakubali driva za aina mbili, PCL 6 na PS, yaani ile PostScript na lugha nyingine ya printa, kazi iliyogoma kwa moja jaribu kwa nyingine, kuna siku inapita bila maelezo yoyote ya maana.

Na umeme. Najua Tukuyu mvua ikianza unajua kinachofuata. Umeme ukikatika katikati ya kazi, ukirudi, Windows inaendelea kuisukuma ileile kazi nzito kila ukiwasha printa, wewe unadhani umetuma ndogo kumbe iliyo mbele kwenye foleni ni ile kubwa ya mwanzo. Zima printa, fungua Command Prompt kwa Run as administrator, safisha foleni:

```
net stop spooler
del /Q /F %systemroot%\System32\spool\PRINTERS\*.*
net start spooler
```

Inafuta kazi zote zinazosubiri, pamoja na za wateja wengine, kwahiyo angalia kwanza. Ndo uwashe printa utume kijitabu kilichopunguzwa.

Kuongeza memori ya printa nisikunyime ukweli, kuna wakati ni sawa. Kama kazi yako kila siku ni ramani na vitabu vya picha na printa ina nafasi ya kadi, ongeza, itakupa pumzi. Ila printa ndogo nyingi memori imechomelewa kwenye bodi, hakuna pa kuongeza, kwahiyo usitume hela kwa mtu kabla hujafungua kitabu cha maelekezo cha printa na kuona kama nafasi ipo na kadi gani inakubali. Ukishaiweka, nenda kwenye Printer properties, sehemu ya Device Settings, kama kuna mstari wa memori iliyowekwa uusahihishe, maana driva nyingine inaendelea kufanya kazi kwa hesabu ya zamani.

Cha kukufanya upande gari kuja na printa ni hivi: toa ukurasa wa taarifa za printa yenyewe kwa vitufe vyake, bila kompyuta, na usome mstari wa memori. Ukikuta imeandikwa pungufu ya 64, au huo ukurasa wenyewe unagoma kwa kosa la memori, au barua ya maandishi matupu inagoma baada ya kusafisha foleni, hapo ni kadi iliyolegea au bodi na hakuna Compress Pictures itakayoiponya. Izime, ichomoe ukutani, toa tona kabla ya kuifunga kwenye boksi isije ikamwagikia kwenye buti pale kwenye kona za Kiwira, na uje na huo ukurasa wa taarifa mkononi. Kama inasoma 64 na barua inatoka safi, baki hukohuko Tukuyu, nitumie tu ujumbe ukurasa wa 9 umetokaje.